Boma, ulanzi na meza: maswali ninayoulizwa kuhusu asili ya maneno

Nafundisha Kiswahili hapa Iringa, na kila mtu akishalijua hilo ananiletea neno. Ananiletea kwenye basi, msibani, hata kwenye foleni ya maji. Mara nyingi haulizi, ananieleza: "Mwalimu, unajua kwa nini wanaita hivi?" Kisha inafuata hadithi tamu ambayo, mara tisa kati ya kumi, si ya kweli. Haya hapa ndiyo maswali yanayojirudia zaidi, pamoja na majibu ninayoyatoa nikipata muda wa kukaa.

Je, ni kweli "boma" ni kifupi cha maneno ya Kiingereza?

Hapana. Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, hasa na wanaotoka kutembelea Boma la Iringa, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Wanasema B ni ya "British", O ni ya "Overseas", M ni ya "Management" na A ni ya "Administration". Herufi nne zinakaa sawasawa kama tofali, na mtu anaona hakuna la kuongeza.

Kilichosahaulika ni tarehe. Waingereza walikuja kuitawala Tanganyika baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Kama neno lilizaliwa ofisini kwao, lisingeweza kuonekana popote kabla ya hapo. Lakini Stanley, aliyepita nchi hii mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, anaandika "boma" kila mara msafara wake unapolala ndani ya ua wa miiba. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, nayo inalo. Wajerumani walilikuta neno, wakaziita boma ngome zao za utawala, na Waingereza wakalirithi pamoja na majengo.

Ukilifuata tangu mwanzo, safari yake haina miujiza. Kwanza ni ua wa miiba au magogo wa kuzuia simba na maadui. Ua ule ukizunguka askari, unakuwa ngome. Ngome ikiwa na mkuu wa wilaya ndani yake, "kwenda bomani" kunakuwa kwenda serikalini. Mfugaji anayelaza ng'ombe bomani leo anatumia maana ya zamani kuliko ya karani.

Kanuni niliyoipata hapo naitumia kila siku: kabla ya kubishana juu ya asili ya neno, tafuta limeandikwa lini kwa mara ya kwanza. Neno haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko mzazi wake. Na mtu akikuambia neno la zamani limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno mengine, anza kwa kukataa. Mtindo huo wa kuunda majina ni wa majeshi, mashirika na vyama vya karne ya 20. Wafugaji na wachukuzi wa misafara hawakuwa na haja nao.

Kwa hiyo hakuna neno letu la kawaida lililotoka kwa serikali ya kikoloni?

Yapo. "Hela" ni mfano mzuri, na kipimo kilekile cha tarehe kilichoiangusha hadithi ya boma ndicho kinachoithibitisha hii. Mwaka 1904 Wajerumani walibadili fedha ya koloni lao. Zamani rupia moja ilikuwa na pesa 64, sasa ikawa na "Heller" 100. Sarafu ipo, mwaka umechapwa juu yake, sauti zinalingana na maana inalingana. Sarafu yenyewe ilikufa, jina likabaki mdomoni mwetu kwa maana ya fedha yoyote.

Ulanzi unaitwa hivyo kwa sababu unalaza watu?

Hili lilinipata kwenye basi, tunapandisha Kitonga. Kijana mmoja alikuwa na dumu la pombe hiyo miguuni, kifuniko amekilegeza ili povu lisije likalipasua, na harufu imeshajaa gari. Mama aliyekaa jirani akasema, "Mwanangu, hicho kinaitwa ulanzi kwa sababu kinalaza." Basi zima likacheka, nami nikacheka. Lakini tukishacheka, tulipime.

Kwanza, sauti. Katika "kulaza" hakuna n. Kiswahili kikitengeneza jina kutoka kitenzi, hakichomeki n katikati ya shina kwa kupenda. Kutoka "fundisha" tunapata "ufundishaji", kutoka "iba" tunapata "wizi". Huyo mama ana deni la n moja, na hadithi haimlipii.

Pili, ulanzi si jina lililo peke yake. Kinywaji hiki ni utomvu wa mmea, unaokingwa kwenye ncha ya chipukizi lililokatwa wakati wa mvua, na mmea wenyewe Wahehe na Wabena wanauita mlanzi. Shina ni -lanzi: ukiweka m- unapata mmea, ukiweka u- unapata kinachotoka ndani yake. Mmea umesimama pale bondeni, haujamlaza mtu.

Tatu, na hapa ndipo pananipendeza zaidi, linganisha mlanzi na neno la Kiswahili la mmea huohuo: mwanzi. Kilichopungua ni l tu. Ukiondoa l kwenye mu-lanzi unabaki na mu-anzi, na u ikikutana na a inakuwa w: mwanzi.

Utauliza: kwani naruhusiwa kuondoa l kila ninapotaka? Siruhusiwi. Nikifanya hivyo nimekuwa kama yule mama. Lazima nionyeshe kwamba Kiswahili kiliidondosha l hiyo kwenye maneno mengine pia, kwa utaratibu uleule. Ushahidi unao mdomoni mwako. Sema "fungua", halafu uiweke katika hali ya kutendwa: "funguliwa". L imetoka wapi? Sema "chagua, chaguliwa", "zaa, zaliwa", "pokea, pokelewa", "jua, julikana". L ilikuwepo siku zote. Ilidondoka ilipofuatwa na a, ikabaki ilipofuatwa na i au e.

Sasa waite mashahidi wa nje. Kiswahili kinasema "njaa". Mnyakyusa wa Tukuyu anasema "injala". Mhehe anasema "nzala". Majirani hawa wameitunza l ambayo watu wa pwani waliiacha. Na hata ndani ya Kiswahili kuna mahali l imejificha. Tunasema "ulimi" mmoja, "ndimi" nyingi, kwa sababu n ikigusana na l inatoa nd. Basi tazama "kuota" na "ndoto", tazama "kuoa" na "ndoa". Ile d haikutoka hewani. Kitenzi kilikuwa na l mwanzoni, kikaipoteza mbele ya o, na jina likaihifadhi chini ya ulinzi wa n.

Kwa hiyo "mwanzi" na "mlanzi" ni ndugu wa tumbo moja, waliokulia nyumba tofauti. Kiswahili hakikuukopa mwanzi kutoka Iringa, wala Iringa haikuukopa kutoka pwani. Neno lilikuwepo kabla hawajaachana. Ila "ulanzi", jina la kinywaji, hilo Kiswahili kimelikopa huku kwetu, na ndiyo maana limeingia na l yake nzima. Kama lingekuwa la pwani tangu zamani, leo tungekuwa tunakunywa "wanzi".

Lakini "lala" ina l mbili, na zote ziko mbele ya a. Mbona hazikudondoka?

Swali la haki, na lilinitoa jasho mwanafunzi aliponiuliza darasani. Kanuni za sauti zina sehemu zake na wakati wake. Zikishapita, maneno yanayoingia baadaye hayaguswi, kama huo ulanzi wetu. Maneno mengine yanashikiliwa na ndugu zao au na ufupi wao. Neno moja linalopinga halifuti kanuni yenye mifano kadhaa, lakini linakunyima haki ya kusema "kila l". Mimi husema l ya kale *mara nyingi* ilidondoka mbele ya a, o na u, na ninamwachia "lala" kiti chake.

Kuna na mtego wa upande wa pili. "Sahau" ni ya Kiarabu, haikuwa na l kamwe, lakini tunasema "sahauliwa". Wasemaji waliiona "fungua, funguliwa", wakaiga. Ukitegemea Kiswahili peke yake utaapa kwamba zamani watu walisema "sahaula". Ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi.

Meza inaitwa meza kwa kuwa ndipo tunapomezea chakula, au siyo?

Siyo, ingawa ni moja ya hadithi nzuri zaidi nilizowahi kupewa, na aliyenipa ni mwalimu mwenzangu. Hapa sauti hazisaidii, maana "meza" ya mbao na "meza" ya koo zinafanana herufi kwa herufi. Kufanana kwa asilimia mia ndiko kunakowaponza watu.

Vuka mpaka wa Kasumulu uone. Kichewa cha Malawi kina "kumeza" kwa maana ileile ya kupitisha kitu kooni, kwa hiyo kitenzi ni cha ukoo wetu wa Kibantu. Lakini meza ya kulia Wamalawi wanaiita "tebulo", kutoka Kiingereza. Kama kitu hicho kingepata jina lake kwa kumezea, kwa nini wenye kitenzi kilekile wasilipate?

Jibu liko baharini. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na wakakaa huko kwa muda mrefu. Kwa Kireno, samani hiyo inaitwa "mesa", na s hiyo hutamkwa z. Na haikuja peke yake. Pamoja nayo wametuachia bendera, leso, karata, kasha, mvinyo: mambo ya nyumbani na ya melini. Maneno ya kukopa husafiri kwa makundi kama abiria. Ukimwona mmoja, angalia walioketi jirani.

Malawi haikuwa na Wareno wa kuwaachia meza sebuleni kwa namna hiyo, ilikuwa na Waingereza. Samani ileile, mlango mwingine, jina lingine.

Na Iringa? Si inatokana na kuringa?

Huu ni utani wa watani zetu, na wengine wameanza kuuamini. Kasoro ya kwanza ni kwamba "kuringa" ni Kiswahili, na mahali palipewa jina na Wahehe. Kasoro ya pili ni hiyo r. Kihehe asilia kinatumia l, r si sauti yake.

Neno ni "lilinga", maana yake ngome. Ngome iliyokusudiwa ni ile ya Mkwawa pale Kalenga, ambayo Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 walihamishia kituo chao juu ya mlima ambapo mji upo leo, na jina likahama pamoja nao. Kwa muda walitofautisha Iringa ya kale na Iringa mpya. Kwa hiyo mji wetu una jina la ngome iliyokuwa mahali pengine, kitu ambacho huwezi kukijua kwa kulitazama neno tu. Lazima ujue historia ya mahali.

Kuhusu umbo: "li-" ni kiambishi, shina ni "-linga". Masikio ya wageni na kalamu zao yakaifanya l kuwa r, kiambishi kikapunguzwa, likaandikwa kwenye ramani, na ramani ikashinda. Wazee wengine vijijini bado wanasema "Ilinga", na si kwamba wanakosea. Sisi ndio tunaosoma tahajia ya karani wa kijerumani.

Mbeya je?

Maelezo yanayosikika sana ni kwamba limetoka katika Kisafwa, "ibeya", yaani chumvi, kwa kuwa watu walifika hapo kubadilishana mazao na chumvi. Angalia jinsi maelezo haya yalivyo tofauti na ya kuringa. Yanataja lugha ya wenyeji wenyewe, yanataja neno linaloweza kuulizwa, na yanataja biashara inayoweza kuchunguzwa. Hayo ni madai yenye mikono na miguu. Unaweza kwenda kwa Msafwa, ukamuuliza chumvi wanaitaje, bila kumtajia Mbeya.

Kwani wazee hawatoshi? Babu yangu ndiye aliyeniambia.

Babu ni shahidi mkubwa wa jinsi neno *linavyotamkwa* na *linavyotumika*. Hapo simpingi. Lakini asili ya neno lenye miaka mia tano yeye hakuiona, naye aliambiwa. Kuna vitu viwili anavyovijua, na mara nyingi vinatoka kinywani kwa pamoja.

Makosa mengi huanzia kwetu tunaouliza. Ukimwendea mzee ukasema, "Mzee shikamoo, ni kweli jina hili linatokana na jambo fulani?", kwa heshima atakujibu, "Ndiyo, mwanangu." Ataona umetoka mbali na umeshika kalamu. Muulize hivi: mmea huu mnauitaje? Ikiwa miwili? Na maji yake? Na mtu anayeugema? Hapo atakupa shina bila kujua unatafuta nini. Nilipouliza juu ya ulanzi kwa njia ya kwanza nilipata hadithi tatu. Kwa njia ya pili nilipata mlanzi na milanzi, na kazi ikaisha.

Na jihadhari na hadithi yenye mzungu. "Mzungu alifika, akauliza hapa panaitwaje, mwenyeji hakumwelewa, akajibu hivi, mzungu akaandika." Nimesikia hadithi hii moja ikisimuliwa kwa milima, mito na stendi za mabasi kuanzia Makambako hadi Tunduma, ikibadilishwa jibu tu. Hadithi inayofaa kila mahali haijatokea popote hasa.

Nikishajua asili, si ndiyo maana halisi ya neno?

Hapana, na gereza litakuonyesha. Limetoka kwa Kireno "igreja", yaani kanisa. Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, na wenyeji wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Nenda Kilwa Kisiwani, magofu ya ngome bado yanaitwa Gereza. Baadaye ngome zikatumika kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya serikali ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kwa hiyo kanisa, ngome, jela, na kila hatua ina jengo lake unaloweza kuligusa.

Asili inakueleza neno lilikotoka. Maana yake leo wanaijua wanaolitumia leo. Hakuna hakimu atakayekuhukumu miaka mitano kanisani.

Wapo wanaosema gereza limetoka kwa "Waingereza" kwa sababu wao ndio waliofunga watu. Gereza la Kilwa halikuwangoja Waingereza.

Kwa nini hadithi hizi zinakosea mara nyingi hivyo?

Kwa sababu zinaanzia kwenye umbo la leo. Msimulizi analichukua neno kama lilivyo asubuhi hii, analikata vipande vinavyofanana na maneno anayoyajua leo, kisha anatunga tukio la kuviunganisha. Lakini umbo la leo ndilo lililochakaa kuliko yote. L zimedondoka, viambishi vimekatwa, makarani wameandika walivyosikia. Anapima kiatu kwa unyayo uliosombwa na mvua.

Tena anayetafuta kwa namna hiyo hawezi kukosa. Kiswahili kina silabi wazi na mashina mafupi, ni rahisi mno kukuta "la", "ki", "meza" au "ringa" ndani ya chochote. Njia inayotoa jibu kwa kila neno, hata ulilolitunga mwenyewe, haikuambii kitu. Ya sauti inaweza kukukatalia, kama ilivyomkatalia yule mama kwa n moja.

Je, hadithi hizi hazina athari yoyote kwa lugha?

Zina athari kubwa, na hapa nazipa heshima yake. "Kitabu" ni Kiarabu "kitab", na ile k ni ya mzizi wenyewe, uleule ulio ndani ya "katibu" na "maktaba". Lakini Mswahili alipoisikia "ki-" alidhani ni ya kwao, kama ki- ya kiti na kisu, akatoa wingi: vitabu. Kwa asili ni kosa. Kwa sarufi ya leo ni sahihi kabisa, na mwanafunzi akiandika "kitabu" kwa wingi namkata alama. Barabarani kumetokea vilevile kwa "kipilefti", agizo la Kiingereza la kushika kushoto: zikiwa mbili, tayari ni "vipilefti".

Nina neno la kijijini kwetu. Nianzie wapi?

Chukua daftari. Andika neno kama linavyotamkwa na mtu mzima asiyelisoma, si kama lilivyo kwenye kibao. Andika umoja na wingi, ili ujue shina linaanzia wapi. Tafuta ndugu zake ndani ya lugha hiyohiyo, kitenzi, mmea, chombo. Kisha nenda kwa majirani: kama ni la Kibena, muulize Mhehe, Mkinga na Msangu kitu hichohicho wanakiitaje, na uziandike tofauti za sauti bila kuzirekebisha. Halafu chukua maneno mengine kumi ya kawaida, njaa, mvua, mwezi na kadhalika, katika lugha zilezile, uone kama tofauti hizo zinajirudia.

Hadithi uliyokuwa nayo tangu mwanzo iandike pia, ukurasa wa mwisho. Usiifungue mpaka umalize.